Wasemaji wanne, jina moja: kisa cha "Rabbit Fire"

Ubishi ulianzia sebuleni. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa akitazama katuni ya zamani ya sungura Bugs Bunny na bata Daffy Duck, ile ambayo wawili hao wanasukumiana mbele ya bunduki ya mwindaji. Ana tabia moja ninayoipenda: anasoma majina yanayopita kwenye skrini kabla ya katuni kuanza. Akaniuliza, "Mjomba, hawa wote wanaongea na mtu mmoja?" Nikamjibu hapana, mwindaji ni mtu mwingine. Akasimamisha picha, akarudisha nyuma, akanionyesha kadi ya majina. Upande wa sauti palikuwa na jina moja tu:

```
Voice Characterization
MEL BLANC
```

Maneno hayo ya juu yana maana ya uigizaji wa sauti za wahusika. Ushahidi wake ulikuwa mbele ya macho yetu wote, na wangu ulikuwa masikioni mwangu peke yangu. Kwa mtoto anayesoma, mimi ndiye niliyekuwa muongo.

Katuni yenyewe inaitwa "Rabbit Fire". Ilitolewa na Warner Bros. mwaka 1951, mwongozaji akiwa Chuck Jones, ambaye kwenye kadi ameandikwa Charles M. Jones, na kisa kikitungwa na Michael Maltese. Ina urefu wa dakika saba hivi. Sijapata mfano mwingine mfupi namna hii unaoonyesha mambo mawili kwa pamoja: jinsi mwigizaji mmoja anavyobeba wahusika kadhaa, na jinsi kadi ya majina inavyoweza kusema kweli huku ikimpotosha msomaji.

Nani anasema nini

Wanaosema mle ndani ni wanne: Bugs, Daffy, mwindaji Elmer Fudd, na tembo anayejitokeza mara moja. Mel Blanc ndiye Bugs, ndiye Daffy, ndiye tembo. Elmer ni Arthur Q. Bryan, ambaye kadi haimtaji.

Kiini cha katuni ni mabishano. Bugs anasema ni msimu wa kuwinda bata, Daffy anasema ni msimu wa sungura, na Elmer anageuza bunduki kwa mnyama aliyetajwa mwisho. Wanarushiana maneno hayo mawili kwa kasi, wewe bata, wewe sungura, wewe bata, wewe sungura, mpaka Bugs ghafla anabadili upande na kusema "msimu wa sungura". Daffy, ambaye amekwisha kushika mdundo wa kupinga, anapinga bila kufikiri, anadai ni msimu wa bata, na anaamuru apigwe risasi. Anapigwa.

Ukisikiliza unaona watu wawili wamesimama uso kwa uso. Mmoja ametulia, anaburuta maneno kwa lafudhi ya mitaa ya New York. Mwingine ana pupa, herufi ya "s" inamtoka na mate. Yule wa kwanza anatega, wa pili ananasa. Ilhali koo lililotoa sauti zote mbili ni moja, na mtego wote unategemea wakati: Daffy akichelewa hata kidogo kujibu, mtazamaji atapata nafasi ya kufikiri, na akifikiri atauona mtego kabla ya bata.

Kisha Jones na Maltese wanaongeza pilipili. Daffy anatokea amevaa kama sungura, ana karoti, anaiga usemaji wa Bugs ili kumwaminisha Elmer kwamba ni msimu wa bata. Bugs naye anatokea amevaa kama bata, anamwiga Daffy. Hapo Blanc hafanyi tena sauti ya Bugs na sauti ya Daffy. Anafanya Daffy anayejifanya Bugs, na Bugs anayejifanya Daffy. Kama angetumia tu sauti ya Bugs ya kawaida kwa yule bata aliyevaa masikio ya sungura, kichekesho kingekufa, kwa sababu masikioni mwetu Daffy angekuwa ametoweka. Inabidi tumsikie bata chini ya sungura, ule ulimi mzito ukichungulia kwenye maneno ya kuazima. Mimi hurudia kipande hiki kila nikitaka kumweleza mtu kwamba kazi hii haihusu kuwa na sauti nyingi za kuchekesha. Inahusu kujua kila mhusika anavyofikiri, kiasi cha kujua akijaribu kuwa mwingine atakosea wapi.

Tembo anatokea pale wawili hao wanapomchokoza Elmer kwamba bunduki aliyoshika ni ya tembo, basi aende akawinde tembo. Tembo anachomoza, anatoa onyo lake kwa sauti laini isiyolingana kabisa na ukubwa wake, anamtwanga Elmer, anaondoka. Sentensi moja tu. Na hapa ndipo sababu ya kwanza ya mtindo huu inapoonekana waziwazi: nani angemwita mwigizaji mwingine, amlipe ujira wa siku, aje kusema sentensi moja ya tembo, wakati Blanc yupo pale mbele ya maikrofoni?

Ilianzaje

Turudi 1937. Studio hiyo wakati ule ilikuwa ya Leon Schlesinger, aliyetengeneza katuni na kuiuzia Warner Bros. Nyota wao alikuwa nguruwe Porky, mwenye kigugumizi, na aliyemwigizia sauti aliitwa Joe Dougherty. Dougherty alikuwa na kigugumizi cha kweli. Hakuweza kukipanga kianzie wapi na kiishie wapi, kwa hiyo kurekodi kulirudiwa na kurudiwa, na kila marudio yalikula filamu ya sauti ambayo ilikuwa ghali. Mwongozaji alihitaji kigugumizi kinachoweza kupimwa: hapa mara tatu, pale mara tano, kisha neno libadilishwe na jingine.

Blanc alitoka kwenye redio. Alizaliwa San Francisco mwaka 1908, akakulia Portland, Oregon. Kwenye redio ya zama zile mwigizaji mmoja kucheza watu watatu ndani ya kipindi kimoja lilikuwa jambo la kawaida, maana msikilizaji haoni sura. Baadaye kwenye kipindi cha mchekeshaji Jack Benny alikuwa mwalimu wa violini, dubu, na hata gari bovu linalokohoa likiwashwa. Alikuja katuni na mazoea hayo. Akapewa Porky, na katika filamu ya kwanza aliyomfanya, "Porky's Duck Hunt" ya mwaka huohuo wa 1937, akapewa pia bata mmoja mwehu aliyekuwa anatokea kwa mara ya kwanza. Bata huyo ndiye Daffy. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wahusika hao wawili walikuwa wakijibizana kutoka kinywa kimoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hili. Sisi tuliokaa kwenye vibanda vya video tukimsikiliza Lufufu wa Dar es Salaam, au DJ Afro wa Kenya, tunajua mtu mmoja anavyoweza kuwa jambazi, polisi, mama mkwe na mtangazaji ndani ya dakika moja. Tofauti ni kwamba hao hawakujificha. Anayesimulia ni Lufufu, na unaijua sauti yake chini ya wahusika wote. Ndiyo uliyoilipia kiingilio. Blanc alitakiwa kufanya kinyume: usimsikie kabisa.

Chumba cha kurekodia

Kwenye katuni hizi sauti ilirekodiwa kwanza, michoro ikafuata. Mwongozaji alikuwa na mchoro wa kila tukio na mazungumzo yameandikwa, mwigizaji anaingia, anasema mistari yake, na sauti iliyochaguliwa inapimwa fremu kwa fremu, 24 kwa kila sekunde, na kuandikwa kwenye karatasi ambayo mchoraji ataifuata kufungua na kufunga midomo. Hivyo sauti haikulazimika kukimbizana na picha. Mwigizaji mmoja angeweza kusema mistari yote ya mhusika mmoja, apumzike, kisha aseme ya mwingine, na mhariri akaja kuipanga kama mazungumzo.

Kwa Daffy hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu sauti yake haikuachwa kama ilivyotoka. Iliharakishwa. Ilirekodiwa kwenye mashine iliyopunguzwa mwendo, kisha ikachezwa kwa mwendo wa kawaida, nayo ikapanda juu na kuwa nyembamba. Porky na yule ndege Tweety walifanyiwa vivyo hivyo. Ukitaka kuelewa ugumu wake, chukua sentensi ya sekunde 10 ukaiharakishe kwa sehemu moja ya kumi: inaisha katika sekunde 9 na ushei. Mwigizaji asiyejua atasikika kama anafukuzwa. Anayejua atasema polepole kidogo na kutamka silabi wazi zaidi, ili baada ya kuharakishwa mwendo uwe sawa na sauti tu ndiyo iwe imepanda. Blanc ilimbidi aigize huku akisikia akilini sauti ambayo bado haipo chumbani.

Mbinu hii inaeleza pia siri moja ambayo ukishaijua huwezi kuisahau. Daffy na paka Sylvester ni sauti ileile. Ulimi uleule mzito, mate yaleyale. Sylvester imeachwa katika mwendo wake, Daffy imeharakishwa. Mashine ndiyo iliyompa Blanc mhusika wa ziada kutoka sauti moja.

Hapo pia ndipo panapovuja. Mwigizaji wa wahusika wengi hashindwi anapobadili kimo cha sauti. Wengi wanaweza kupandisha na kushusha. Anashindwa kwenye pumzi, kwenye namna ya kuanza sentensi, kwenye kicheko. Ukitaka kujua kama wahusika wawili wa katuni ni mtu mmoja, usisikilize wanapozungumza kwa utulivu. Sikiliza wanapopiga kelele, wanapolia, wanapokohoa. Mtu akipiga ukelele koo lake hukumbuka lilivyo. Sikiliza pia kama wahusika hao wanawahi kusema kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine. Ikiwa katika dakika saba za ugomvi kila mmoja anamngoja mwenzake amalize, inaweza kuwa ni adabu, lakini mara nyingi ni kwamba mwenye koo ni mmoja na mhariri hakutaka kuhangaika kupandanisha tepu mbili.

Jina lilivyofika kwenye kadi

Kwa miaka ya mwanzo katuni za studio hiyo hazikuwa na mstari wa sauti kabisa. Mwongozaji alitajwa, mwanamuziki alitajwa, mchoraji mmoja au wawili walitajwa. Aliyeongea hakutajwa. Blanc mwenyewe alisimulia kwamba alimwendea Schlesinger kuomba nyongeza ya mshahara, Schlesinger akakataa, na alipoona pesa hazitoki akaomba basi angalau jina lake liandikwe. Hilo Schlesinger alilikubali. Wino haukumgharimu kitu.

Filamu inayotajwa kuwa ya kwanza kubeba jina hilo ni "Little Red Riding Rabbit", iliyotolewa Januari 1944, ya mwongozaji Friz Freleng. Ni ile hadithi ya binti mwenye kofia nyekundu na mbwamwitu, ila kwenye kikapu chake yumo Bugs Bunny. Tazama sasa kejeli iliyomo. Binti yule mwenye sauti ya kupasua masikio ni Bea Benaderet. Mbwamwitu mwenye sauti nzito kutoka tumboni ni Billy Bletcher. Blanc ni Bugs. Wasemaji wakuu watatu, waigizaji watatu, na kadi ikamtaja mmoja. Yaani siku ileile mstari wa sauti ulipozaliwa ulizaliwa na kasoro yake.

Mwaka huohuo Schlesinger aliiuza studio kwa Warner Bros., lakini desturi ikabaki. Jina la Blanc likaendelea kusimama peke yake mwaka baada ya mwaka, wahusika wawe sita wote wake au wawe watatu na mmoja tu ndiye wake. Benaderet aliendelea kuja kufanya sauti za kike, akiwemo yule bibi mwenye Tweety, mpaka katikati ya miaka ya 1950 June Foray alipomrithi. Bryan aliendelea kuwa Elmer mpaka alipofariki mwaka 1959. Tangu mwanzo wa miaka ya 1940 mpaka kifo chake, mhusika aliyejulikana dunia nzima, na hata mara moja jina lake halikuandikwa kwenye katuni hizo.

Kwa nini hili linamchanganya mtazamaji kuliko kutotajwa mtu yeyote? Kwa sababu kadi isiyo na mstari wa sauti inakuacha ukijua hujui. Kadi yenye jina moja inakupa jibu. Haisemi "sauti zote ni za Mel Blanc". Inasema tu Mel Blanc ameigiza sauti, jambo ambalo ni kweli tupu. Sisi ndio tunaojazia neno "zote", na tunajazia kwa sababu tunajua kwamba kweli alikuwa akifanya wengi. Sifa yake ya kuwa mtu wa sauti elfu ikawa kama sumaku: sauti yoyote isiyo na mwenyewe ikamwangukia.

Upo mfano mmoja unaothibitisha kwamba desturi hii haikuwa sheria ya asili. Mwaka 1957 Freleng alitengeneza "Three Little Bops", hadithi ya nguruwe watatu wanaopiga muziki wa jazi. Sauti zote, msimulizi, nguruwe, mbwamwitu, ni za Stan Freberg, ambaye kwa miaka alikuwa amefanya kazi nyingi kwenye katuni hizo bila kutajwa. Safari hii Blanc hakuwemo kabisa, na jina la Freberg likaandikwa. Kwa hiyo filamu hiyo ina kadi yenye jina moja, wasemaji wengi, na safari hii jina hilo linatosha kabisa. Ukiweka kadi hizo mbili sambamba, ya 1951 na ya 1957, zinafanana kwa umbo. Moja inaficha mtu, nyingine haifichi, na kwa kuzisoma tu huwezi kuzitofautisha.

Kadi za siku hizi

Watu hudhani tatizo hili lilikwisha zamani. Limebadilika sura. Chukua "The Simpsons". Dan Castellaneta ni Homer, ni babu Abe, ni mchekeshaji Krusty, na wengine kibao. Hank Azaria na Harry Shearer nao kila mmoja ana kijiji kizima. Majina yao yote yameandikwa mwishoni, hakuna aliyefichwa. Lakini yameandikwa kama orodha ya watu, bila kuonyesha nani ni nani. Mtazamaji anajua waliokuwepo chumbani, hajui walifanya nini. Kwenye Warner ya 1951 kosa lilikuwa la mtu aliyekosekana. Hapa kinachokosekana ni mstari unaounganisha mtu na mhusika.

Sababu ya mtu mmoja kupewa wengi nayo imeingia kwenye mikataba. Katika katuni za televisheni za Marekani zinazofanywa chini ya chama cha waigizaji, malipo ya kikao kimoja huruhusu mwigizaji kufanya sauti mbili, na ya tatu ina nyongeza. Mtayarishaji mwenye akili ya duka anaona haraka kwamba mwigizaji mwenye sauti moja na mwenye sauti mbili wanagharimu sawa. Ndiyo maana kwenye usaili wanauliza tangu mwanzo: na nyingine una zipi? Na ndiyo maana muuza mkate anayesema maneno mawili kwenye kipindi cha watoto mara nyingi ni shujaa wa kipindi hichohicho, amekaza koo kidogo.

Kisha lipo lile fungu la "sauti nyinginezo", ambalo mimi naliona ni kapu la taka la kadi za majina. Ndani yake utamkuta mwigizaji mkuu aliyesaidia kupiga kelele za umati, na pembeni yake mtu aliyebeba mhusika wa kipindi kizima ambaye hakuandikwa tu kwa sababu mhusika wake alikuja mara moja. Kwa msomaji wa kadi wawili hao ni sawa.

Kuandika bila kudanganya

Basi anayetaka kuweka kumbukumbu sahihi ya "Rabbit Fire" afanyeje? Nilimwonyesha mpwa wangu njia ninayotumia kwenye daftari langu. Ukurasa una safu mbili, na safu hizo hazichanganywi kamwe. Ya kwanza ni yale yaliyosomeka kwenye skrini, herufi kwa herufi, bila kusahihisha. Kama imeandikwa Charles M. Jones, naandika hivyo, siandiki Chuck. Ya pili ni nani alifanya mhusika gani kwa kadiri inavyojulikana, na kila jina lisilokuwepo kwenye safu ya kwanza nalitia alama kwamba halikutajwa.

Alama hiyo ndogo ndiyo inayookoa. Ukiandika "Elmer: Arthur Q. Bryan" bila alama, msomaji akifungua filamu hatalikuta, atafikiri umekosea, na akiwa na juhudi kama mpwa wangu atakuja kukusahihisha kwa jina la Blanc. Ukiiweka, anajua kwamba kadi na daftari zinatofautiana na kwamba wewe unalijua hilo.

Swali linabaki: safu ya pili inajazwaje, kama kadi haisemi? Sikio ni mwanzo tu, maana sikio hudanganywa na mtu mwenye kazi ya kulidanganya. Kinachosaidia ni kuilinganisha sauti mahali ambapo jina limethibitishwa. Bryan alikuwa na kazi redioni, akiwemo kama Daktari Gamble kwenye kipindi cha "Fibber McGee and Molly", na huko jina lake lilitajwa. Unaweza kumsikia akiongea kama yeye, kisha ukaja kwa Elmer. Juu ya sikio zinakuja karatasi: hati za mazungumzo na kumbukumbu za studio za nani alikuja kurekodi na akalipwa. Mtu kama Keith Scott, ambaye mwenyewe ni mwigizaji wa sauti huko Australia, ametumia miaka mingi kwenye kazi ya aina hiyo ya kurudisha majina kwa wenyewe. Mhasibu hana sababu ya kumficha mtu aliyemlipa, kwa hiyo daftari la malipo mara nyingi lina ukweli kuliko skrini.

Mpwa wangu alilipokea somo vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Akajitengenezea kanuni: Elmer akiongea, ni Bryan, na hakutajwa. Akaijaza safu ya pili kwa katuni tano au sita bila hata kusikiliza.

Wiki iliyofuata akanijia na "The Scarlet Pumpernickel" ya mwaka 1950, nayo ya Chuck Jones. Ni ile ambayo Daffy anamsomea bosi wa studio hadithi aliyoitunga, yeye mwenyewe akiwa shujaa mwenye upanga. Daffy, Porky na Sylvester wote wamo, na wote ni Blanc, kwa hiyo ndani ya filamu moja unaweza kusikia ile sauti iliyoharakishwa na ile iliyoachwa zikikutana. Elmer naye anapita kidogo tu kama mwenye nyumba ya wageni. Kwenye daftari mtoto alikuwa ameshaandika Bryan, na alama pembeni.

"Hapa sivyo," nikamwambia. Kwa maneno machache kama yale studio haikumwita Bryan. Aliyemfanya Elmer mle ni Mel Blanc.

Alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo kadi ilisema kweli, mjomba?"

"Kwa Elmer, ndiyo."

Akachukua kifutio, akafuta jina, akafuta na alama. Kisha akarudisha filamu mwanzo, safari hii akaongeza sauti, akasogea karibu na spika, akafumba macho.